Swala, mfungo na hijabu kazini: muelewane kwa mdomo, muandike utaratibu, au mumlete msuluhishi?

Kama unafanya kazi sehemu ambayo Ijumaa mchana watu kadhaa wanaondoka kwenda msikitini, kuna Msabato mmoja ambaye Jumamosi humpati, kuna mama mlokole ambaye suruali ya sare hataki kuigusa, na kuna wengine wanaona haya mambo yote yangebaki nyumbani, basi kelele zake unazijua. Mimi nimekuwa supavaiza wa shifti kiwandani Dar kabla sijahamia upande wa utumishi, na nilichokiona tena na tena ni kwamba ugomvi mara chache unaanzia kwenye dini yenyewe. Unaanzia kwa yule aliyebaki kwenye mashine. Anapiga kazi ya watu wawili kwa dakika arobaini, hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemshukuru, wiki ya tatu anaropoka, na akiropoka linatoka neno la dini ya mwenzake, hapo sasa imekuwa kesi nyingine kabisa.

Njia za kumaliza haya mambo ninazoziona zikitumika ni tatu. Kuna kuelewana kwa mdomo, wewe na supavaiza wako au na wenzako wa shifti. Kuna utaratibu wa maandishi unaobandikwa ukutani na unamhusu kila mtu. Na kuna kumleta mtu wa tatu, iwe chama cha wafanyakazi au CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Watu wengi wanakwama hawajui waanze na ipi, wengine wanarukia ya tatu wakati ya kwanza ingetosha, na wengine wanang'ang'ania ya kwanza miaka na miaka huku wanaumia.

Nitazipima kwa mambo manne: inachukua muda gani, mzigo wa kazi unamwangukia nani, inalinda vipi heshima ya mtu na siri zake, na ikivunjika inavunjikia wapi. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kwanza tofautisheni kinachosogea na kisichosogea

Hili likirukwa, njia zote tatu zitawashinda, kwa hiyo nalikalia kidogo.

Adhuhuri kwa Dar inaingia kati ya saa 6 na dakika kama 10 na saa 6 na dakika 40 hivi, inategemea mwezi, na alasiri inaingia karibu saa 9 na nusu mpaka saa 10 kasoro. Maana yake mtu anayeswali peke yake adhuhuri ana kama saa tatu za kuchagua aswali lini. Swala yenyewe na kutawadha ni kama dakika kumi na mbili. Hiyo inasogea vizuri tu, na mfanyakazi anayesema lazima atoke dakika ile ile adhana inapolia wakati mashine inazunguka anaomba zaidi ya kinachohitajika, wengi wao wenyewe wakiulizwa kwa upole wanakubali.

Swala ya Ijumaa ni habari nyingine. Ni ya jamaa, saa yake anaipanga imamu, ukikosa khutba na rakaa zile mbili hutazipata saa 8 ofisini. Kwa hiyo hiyo haisogei. Magharibi nayo dirisha lake ni fupi, saa moja na kidogo, na wakati wa Ramadhani ndiyo saa ya kufuturu, mtu amekaa na njaa na kiu tangu alfajiri, karibu saa kumi na tatu na nusu kwa huku kwetu. Supavaiza anayemwambia "subiri tumalize oda kwanza" hajui anachokiomba.

Kwa Msabato, sabato inaanza jua likizama Ijumaa na kuisha jua likizama Jumamosi. Jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika hamsini jioni. Kwa hiyo shifti ya Ijumaa inayoisha saa 11 haina tatizo, inayoisha saa 2 usiku ina tatizo, na Jumamosi yote ina tatizo. Na Wakristo wengine wana ibada ya Jumapili asubuhi, ambayo watu wanaisahau kwa sababu kalenda ya kazi tayari imewapa, mpaka siku ovataimu ya Jumapili inapotangazwa ndiyo kelele zinahamia upande huo.

Sasa ukiyaandika haya kwenye karatasi, kilichobaki hakisogei ni kidogo sana. Kwenye wiki nzima ya shifti ya mchana unakuta ni saa moja ya Ijumaa, Jumamosi ya mtu mmoja, na Jumapili asubuhi. Watu wanagombania vitu ishirini wakati vigumu kweli ni vitatu.

Kesi ya kufanyia hesabu

Chukua laini moja ya kupaki yenye watu 12. Waislamu wanaume watano, wanawake Waislamu wawili, Wakristo wanne na Msabato mmoja. Laini haiwezi kwenda na watu chini ya 8. Kazi ni saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, mapumziko saa 6 mpaka saa 7, Jumamosi saa 2 mpaka saa 7 mchana. Ukijumlisha ni saa 8 mara siku 5, ongeza 5 za Jumamosi, unapata 45, ambazo ndizo saa za kawaida za juu kabisa kwa wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania bara ya mwaka 2004.

Msikiti uko mwendo wa dakika kumi. Khutba inaanza saa 6 na dakika 45, wanatoka saa 7 na dakika 20. Kwa hiyo wale watano wanaondoka saa 6 na nusu na kurudi saa 7 na nusu. Mapumziko yao ya saa 6 mpaka 7 hayafuniki muda huo, wanakosa nusu saa kila Ijumaa, na kuanzia saa 7 laini inabaki na watu saba wakati inahitaji wanane. Mmoja tu anapungua. Ugomvi wote wa kila Ijumaa ni huyo mtu mmoja na hiyo nusu saa.

Shikilia kesi hii tupitie nayo njia zote.

Njia ya kwanza: kuelewana kwa mdomo

*Muda.* Ni ya papo hapo. Mtu anamfuata supavaiza asubuhi, "bosi, leo Ijumaa, nitachelewa kidogo kurudi," anajibiwa "poa, ila alasiri utanisaidia kufagia laini," imeisha. Kwa sehemu yenye watu wanne watano hakuna kinachoishinda kwa wepesi.

*Mzigo.* Hapa ndipo pana shida. Makubaliano ni kati ya watu wawili lakini mzigo anaubeba wa tatu ambaye hakuwepo. Kwenye laini yetu supavaiza amewaruhusu watano, wale saba wanakimbizana na mkanda, maboksi yanarundikana, na dada aliye mwisho wa laini ndiye anayefokewa na mtu wa kudhibiti ubora. Yeye hakukubaliana na mtu.

*Heshima na siri.* Ina uzuri wake. Mtu hatangazi ibada yake kwa kampuni nzima, hasa aliyebadili dini karibuni, au anayefunga siku nje ya Ramadhani kulipa alizokosa. Dada hataki kumweleza meneja mwanaume kwa nini alikula siku kadhaa katikati ya Ramadhani, na hapaswi kuulizwa na mtu yeyote, wala wenzake Waislamu. Akiongea na dada mwenzake anayemwamini inatosha.

*Inapovunjika.* Supavaiza akihamishwa. Anakuja mpya, anasema "mimi sikuambiwa hayo," na huna kitu cha kumwonyesha. Pia inavunjikia kwenye upendeleo: supavaiza Mwislamu anaruhusu swala lakini ananuna kwa Msabato, au supavaiza Mkristo anaachia Jumapili za watu wake halafu Ijumaa anahesabu dakika. Wakati mwingine hata hajui anafanya hivyo. Ukitaka kujua mapema kwamba imeanza kuoza, sikiliza watu wanapoanza kusema "wale" badala ya kutaja jina la mtu.

*Inamfaa nani.* Duka, saluni, gereji, ofisi ndogo, watu wanaojuana. Na jambo la mara moja moja, kama mtu ana ibada maalumu siku moja, usilitengenezee sera.

Njia ya pili: utaratibu wa maandishi

Hapa simaanishi kitabu cha kurasa sitini kilichofungiwa kabatini kwa utumishi. Nasema karatasi moja, kwa Kiswahili, ubaoni pale rosta inapokaa.

*Muda.* Inachukua wiki mbili mpaka mwezi kama menejimenti inataka, kwa sababu lazima muulize watu. Ikiandikwa na utumishi peke yao bila kuuliza laini, itarudi. Nimeona karatasi ikisema "swala ni dakika 10 saa 6 kamili," iliyoandikwa na mtu ambaye hakujua kwamba saa 6 kamili adhuhuri haijaingia bado.

*Mzigo.* Hii ndiyo nguvu yake, mzigo unaonekana na unaweza kugawanywa. Tukirudi kwenye laini yetu, kuna majibu mawili ya Ijumaa. La kwanza, mapumziko ya Ijumaa kwa laini nzima yasogezwe yawe saa 6 na nusu mpaka saa 7 na nusu. Mashine inazimwa mara moja, wote wanatoka, wote wanarudi, hakuna anayebaki na kazi ya mwenzake, na hakuna aliyepewa dakika ya ziada hata moja. Wasioenda msikitini wanakula nusu saa baadaye siku moja kwa wiki. Hapo kilichobaki ni kuongea na mama wa kantini, maana kama anapakua saa 6 na idara nyingine zinakula saa 6, watu wako watakuta wali umekauka na maharage yamebaki mchuzi, halafu utaambiwa "tunakula makombo kwa sababu ya swala yao." Chakula chao kitengwe. Nalisema hili kwa sababu mpango mzuri kabisa unaweza kufa kwa ajili ya sahani.

Jibu la pili ni kama mashine haizimiki, mfano oveni au boila. Hapo mnatafuta mtu mmoja kutoka stoo wa kuziba pengo kuanzia saa 7 mpaka saa 7 na nusu, na wale watano wanafidia nusu saa yao jioni hiyo hiyo, kwa usafi wa laini. Wafidie kazi inayoonekana. Ukisema "watafidia" bila kusema lini na kazi gani, wenzao hawataamini kamwe.

Kuhusu Msabato, hesabu inakaa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Anadaiwa saa 5 za Jumamosi. Akiingia saa 1 asubuhi Jumatatu mpaka Ijumaa badala ya saa 2, anapata saa 5 zilezile, anafikisha 45, na kwa siku anafanya saa 9 ambazo ndizo mwisho wa kawaida kisheria. Usimfidishe jioni, kwa sababu Ijumaa akitoka saa 12 na foleni ya Dar jua litamkuta Tazara. Asubuhi anaandaa mashine, anapanga maboksi, anapakia rola za lebo, wenzake wakiingia wanakuta laini iko tayari, na hapo lile neno la "yeye kila Jumamosi yuko kwake" linapungua nguvu maana kazi yake wanaiona kila siku. Sharti ni moja: awepo mtu mwingine saa hiyo, fundi au supavaiza, mtu asiwashe mashine peke yake.

Na ovataimu za Jumapili, hizo ndizo zinasawazisha mambo. Waislamu na Msabato wako tayari kuzichukua, Wakristo wengine wanapendelea wasizichukue asubuhi. Hiyo isiwe amri kwamba Jumapili ni zamu ya Waislamu, iwe ubao wa kujiandikisha, lakini ukiwepo watu wenyewe wanabadilishana: "nishikie Ijumaa, nitakushikia Jumapili."

*Heshima na siri.* Wastani. Jina lako linakaa ubaoni. Ndiyo maana karatasi iandike muda, isiandike dini: "kuingia saa 1, Jumamosi mapumziko," basi. Sababu ibaki kwenye faili.

*Inapovunjika.* Inavunjika ikiwa ya kundi moja. Ukiandika "sera ya swala" tayari umewatenga wengine, ukiandika "utaratibu wa kubadilishana muda" anaingia humo Mwislamu, Msabato, na mama anayempeleka mtoto kliniki. Pia inavunjika kwa mambo madogo ya mahali. Mfano halisi ni pa kutawadhia. Watu wananyanyua miguu kwenye sinki la kunawia mikono, sakafu ya choo inalowa, mwenzao anateleza, anaandika kwenye grupu la Wasapu "hawa watu wanatuchafulia choo." Hakuna sera inayomaliza hilo. Bomba moja fupi nje, kijiwe cha kukalia na shimo la maji ndiyo suluhisho, ni kazi ya fundi bomba ya siku moja. Kabla hujaitisha kikao cha heshima kwa dini za watu, kaangalie kama kuna bomba.

*Inamfaa nani.* Kiwanda, hospitali, kituo cha simu, hoteli, popote penye shifti na ambapo mmoja akitoka lazima mwingine aingie.

Njia ya tatu: chama, CMA au mahakama ya kazi

*Muda.* Chama kinaweza kukaa na menejimenti ndani ya wiki, ukiwa na tawi kazini, kwa viwanda na biashara wengi wako TUICO. Ikishindikana, Tanzania bara kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu CMA F1, unampa mwajiri nakala, unaiwasilisha na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukiwa umeachishwa kazi una siku 30 tangu kuachishwa, mgogoro mwingine una siku 60 tangu ulipotokea. Hizo siku zinawaponza watu wengi mno, mtu anakaa miezi mitatu akingoja meneja abadilike, anakuja kukuta itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Usuluhishi wenyewe umepewa siku 30 labda pande zote zikubali kuongeza.

Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na vyombo vyake, usiende huko na fomu ya bara. Kenya unaanzia kwa afisa wa kazi wa serikali, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu kumpelekea malalamiko ya kuachishwa kazi, juu yake kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

*Mzigo.* Unabeba wewe. Ushahidi, nauli, siku za kuhudhuria, na kurudi kufanya kazi na watu uliowashitaki. Ila kuna jambo wengi hawalijui: kifungu cha 7 cha sheria ya bara kinakataza ubaguzi kwa dini, na mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba si hivyo. Kifungu hicho hicho kinamwacha mwajiri kutofautisha watu kama ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Hakuna mahali kinaposema mpe mtu dakika kadhaa za swala. Kwa hiyo kesi ya "nimenyimwa ruhusa ya swala" peke yake ni nyembamba, lakini kesi ya "wavuta sigara wanapewa dakika kumi mara tatu kwa siku na mimi nimepewa onyo la maandishi kwa dakika kumi na mbili za adhuhuri" ina nyama.

Kenya katiba ya 2010 iko wazi zaidi, ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Lakini hata huko usidhani ni mteremko. Kesi ya hijabu ya shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, mzazi alishinda Mahakama ya Rufani mwaka 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua kwa sababu za utaratibu wa jinsi dai lilivyoingizwa mahakamani. Miaka yote ile, na swali lenyewe la hijabu likaachwa bila jibu la mwisho.

*Heshima na siri.* Kikao cha usuluhishi ni cha faragha, mnachosema mle hakitumiki dhidi yenu baadaye. Mahakamani ni hadharani.

*Inapovunjika.* Unaweza kushinda na ukakosa unachokitaka. Tume inaweza kukupa fidia, haiwezi kuwafanya wenzako wa laini waache kukununia Ijumaa.

*Inamfaa nani.* Aliyefukuzwa, aliyepewa onyo, aliyenyimwa ajira kwa sababu ya vazi au jina lake, na aliyejaribu mbili za mwanzo akaambiwa "kama hutaki acha kazi." Hapo usione aibu wala usiambiwe unaleta udini.

Mavazi: uliza sheria inalinda nini

Kwenye mavazi napenda kuanza na swali moja tu, hili katazo linalinda nini? Kama linalinda mwili wa mtu au chakula cha mteja, dini inapisha, lakini inapisha kwa kutafuta vazi lingine, siyo kwa kuvuliwa. Kama halilindi kitu zaidi ya "muonekano wetu," basi muonekano ndio upishe.

Mfano wa pini. Kwenye laini ya chakula, pini ndogo ya hijabu ni kitu cha hatari kweli, ikidondoka kwenye unga au biskuti inaweza kumwingia mtoto kooni, na si kila mashine ya kugundua chuma inainasa ndogo hiyo. Supavaiza anayesema "hijabu marufuku" amekosea, na dada anayesema "pini yangu haitadondoka" naye amekosea. Kuna hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja, haina pini, ya kitambaa kinachovutika, unaichomeka ndani ya koti na juu yake unavaa neti ya nywele kama wengine wote. Kampuni inunue ya rangi ya sare, chache kwa kila mtu, zifuliwe na sare nyingine. Kwenye mkanda unaozunguka ni hivyo hivyo, ncha zinazoning'inia ni hatari iwe mtandio, tai, rozari shingoni au nywele ndefu za kusuka, kwa hiyo kanuni iseme "kisining'inie kitu chochote" na iwahusu wote.

Mlokole asiyevaa suruali apewe sketi ndefu kama yuko ofisini au stoo. Kwenye ngazi na mikanda sketi pana ni hatari, hapo wengi wanakubali gauni fupi la sare juu ya suruali. Mkorino wa Kenya, Mkristo wa dhehebu linalovaa kilemba, ofisini hakuna sababu ya kukivua, kwenye ujenzi mnapima kama helmeti inakaa sawasawa juu ya kitambaa chepesi, isipokaa apangiwe kazi isiyodai helmeti. Mwenye niqabu kwenye geti la kitambulisho, mlinzi wa kike na chumba cha pembeni, sekunde chache, kwisha.

Makubaliano ya mavazi yaandikwe siku zote. Kwa mdomo hayafai, kwa sababu mkaguzi wa usalama akija hataki kusikia "tulikubaliana."

Mfungo

Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kipindi chenu cha kazi nyingi kitakutana nayo tu miaka fulani. Na 2025 na 2026 Kwaresima ilianza siku karibu zile zile na Ramadhani, mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, Mkatoliki na Mwislamu wote walikuwa na njaa kwenye laini moja. Ilisaidia, nakiri, watu walielewana zaidi.

Kantini isifungwe. Asiyefunga ana haki ya kula chakula chake bila kujificha na bila kuangaliwa vibaya, na anayefunga apewe pa kupumzikia mbali na harufu. Kazi nzito na za juani zisogezwe asubuhi, mtu aliyefunga saa 9 mchana amechoka na ndipo vidole vinapokatwa. Wengine wanaomba wasipumzike mchana ili waondoke saa 10. Kwa kazi ya mashine mimi nakataa, lile pumziko la dakika 60 lipo kwa sababu mwili unachoka, siyo kwa sababu ya wali. Na shifti ya jioni wapewe dakika kumi na tano za kufuturu na kuswali magharibi, kwa zamu, nusu kwa nusu, mkihakikisha wasiofunga wanapata dakika kumi na tano zao pia.

Kwa hali yako

Mko chini ya kumi na mnaelewana: baki na mdomo, ila muiteni na yule anayebaki, aseme yeye ni lini inamuuma. Mkishindwa mara mbili kwa jambo lile lile, andikeni.

Wewe ni supavaiza na kila Ijumaa ni kelele: usianze na kikao. Kaa wiki mbili unaandika nani anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, na laini inabaki na wangapi. Ukipata namba, mara nyingi pengo ni mtu mmoja na nusu saa, na hilo unaweza kulipeleka kwa meneja likapita.

Wewe ni mfanyakazi na ombi lako linapuuzwa: andika barua fupi yenye tarehe, sema unaomba muda gani, utafidia lini, nani amekubali kukushikia. Baki na nakala. Ukijibiwa vizuri umepata utaratibu, ukijibiwa vibaya una karatasi ya kwanza ya CMA, na kuanzia siku hiyo hesabu siku zako.

Umeambiwa vua hijabu au kilemba: uliza kwa upole ni hatari gani inazuiwa, kisha wewe ndiye upendekeze vazi mbadala. Wakikosa jibu la hatari na bado wanakukatalia, mwone kiongozi wa tawi wiki hiyo hiyo.

Unaanza kazi mpya: Sabato na Ijumaa ziseme kabla ya kusaini, baada ya kuambiwa umepata kazi, siyo kwenye usaili. Ikikubaliwa, omba iingie kwenye mkataba kama ratiba ya saa zako za kazi.

Na kama wewe ndiye unayebaki kwenye laini na umechoka, una haki ya kulalamika na malalamiko yako si chuki. Yapeleke yakiwa na dakika na maboksi, mfano "Ijumaa tatu mfululizo, kuanzia saa 7 mpaka saa 7 na nusu, tulibaki saba," na umwombe supavaiza akuletee mtu wa nane.